Sentensi isianze na 15: namba kwenye imeili za kazi

Swali: Habari kaka, bosi kanirudishia imeili kisa nimeandika "15 wafanyakazi wamethibitisha kuja", anasema sentensi haianzi na namba. Nikabadili nikaandika "Kumi na tano wafanyakazi", bado akarudisha. Sasa niandikeje? Na namba zingine niweke kwa maneno au tarakimu?

Jibu: Salama dada. Bosi wako kakuonea kidogo kwa kutokueleza ila yuko sahihi mara zote mbili. Kwa Kiswahili jina linatangulia, namba inafuata. Huwezi kumwambia mtu wa duka "nipe mbili mikate", sasa kwenye imeili kwa nini uandike "15 wafanyakazi"? Hilo ni umbo la Kiingereza limeingia ofisini bila hodi. Andika "Wafanyakazi 15 wamethibitisha kuja", kwishney, wala huhitaji kubadili tarakimu kuwa maneno.

Na hii sio urembo tu. Angalia imeili yako ilivyosomeka kwenye skrini:

"Mafunzo yanaanza tarehe 12. 15 wafanyakazi wamethibitisha kuja."

Anayesoma harakaharaka kwenye simu anaona 12.15, anadhani ni saa au bei, afu anarudi nyuma kusoma tena. Nukta imemezwa na namba mbili zilizopakana nayo. Na aya mpya ukiianza na "15." kuna programu za kuandikia zinazodhani unaanza orodha, zinasogeza mstari zenyewe.

Asilimia na mwaka dawa yake ni hiyohiyo, weka neno mbele. "40% ya malipo imelipwa" inakuwa "Asilimia 40 ya malipo imelipwa", na "2023 tulinunua viti" inakuwa "Mwaka 2023 tulinunua viti". Mie sijawahi kukutana na sentensi ya Kiswahili iliyokataa kabisa kurekebishika hivi. Ukiwa lazima uanze na idadi yenyewe, mfano "kati yao", hapo ndo uandike kwa maneno: "Kumi na watano kati yao wanatoka mikoani."

Umeona hiyo "watano"? Hapa ndo wengi tunaanguka. Tarakimu inakuficha, maneno yanakuumbua. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinafuata ngeli ya jina: viti vitano, mikataba miwili, wageni wanane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, viti sita, wageni tisa. Kwenye namba kubwa ile ya mwisho ndo inabadilika: viti kumi na vinane, wafanyakazi ishirini na wawili. Meza na projekta hazikusumbui, ni meza tatu tu.

Maneno au tarakimu? Ofisi nyingi zinaandika moja hadi kumi kwa maneno, kuanzia 11 tarakimu, mi naona inafaa kwa namba za kupita tu kama "tumekaa vikao viwili". Ila kitu ambacho mtu atakihesabu, atakilipa au atakifuata saa yake, weka tarakimu hata kama ni 3. Na vitu vya aina moja ndani ya sentensi moja usivichanganye, sio "viti 18 na meza sita", andika "viti 18 na meza 6".

Hela ndo usicheze nayo kabisa. Mteja mmoja aliwahi kuniandikia "laki mbili na hamsini", mtaani sote tunajua ni 250,000, ila mhasibu mgeni akaandaa invoisi ya 200,050. Andika "sh. 250,000". Maneno ongeza pale penye mkataba au cheki, na uyahakiki kweli, maana kwenye cheki maneno yakipishana na tarakimu yanayofuatwa ni maneno.

Saa nayo, ukiandika "chakula 7:00" mwenye kalenda ya kompyuta anaona asubuhi. Taja "saa 7 mchana", na kama imeili inaenda kwa mtu wa nje ongeza 13:00 pembeni.

Basi imeili yako ingekaa hivi:

"Mafunzo yanaanza tarehe 12 Mei, saa 3 asubuhi. Wafanyakazi 15 wamethibitisha kuja, 3 bado hawajajibu. Tunaomba viti 18, meza 6 na projekta 1. Asilimia 40 ya malipo, yaani sh. 250,000, imeshalipwa."

Hiyo "3 bado" nimeiacha kwa sababu iko katikati ya sentensi, baada ya mkato, na jina lake limeshatajwa. Kichwa cha imeili na vyumba vya jedwali havihusiki na hili, sio sentensi, kwahiyo "15/18 wamethibitisha" pale juu bosi hana cha kukurudishia.