Re: Ukwasi na deni kwenye ripoti ya kampuni ya Uingereza

"Ukwasi wao uko juu ya 1, deni asilimia 30 ya mtaji, si iko salama hiyo?"

Hapana mkuu, usinunue bado. Chukua ripoti ya Carillion ya 2016, kampuni ya ujenzi ya Uingereza iliyofilisika Januari 2018. Deni ukishatoa keshi waliyonayo, tarehe 31 Desemba, ni pauni milioni 219, mtaji kama milioni 730, ukigawa unapata hiyo hiyo asilimia 30 yako. Sasa hilo ni deni la siku moja tu, na siku hiyo wameichagua wao, wanabana malipo ya masapulaya na kukimbizana na wateja walipe kabla mwaka haujafungwa. Ripoti yenyewe inasema wastani wa deni mwaka mzima ni milioni 587, gawanya tena hapo, inakuja karibu asilimia 80! Kwa hiyo fungua PDF yako, kwenye kusachi andika `average net borrowing` au `average net debt`, ulinganishe na la mwisho wa mwaka.

Ukwasi nao ni vitu vya kugeuka pesa ndani ya mwaka gawanya madeni ya ndani ya mwaka, ila kwa mkandarasi hivyo vitu vingi ni kazi ambayo mteja hajalipa na pengine anaibishia. Julai 2017 Carillion walikata milioni 845 kwenye thamani ya mikataba, yaani pesa waliyoihesabu haikuwepo. Toa hizo kazi ambazo hazijalipwa, bakiza keshi, halafu gawanya upya.