Mkunjo wa oksijeni ukisogea kushoto: namna ya kumweleza mtahini sumu ya moshi wa mkaa

*Assalaam alaykum, daktari. Ninasoma udaktari mwaka wa pili hapa Unguja. Katika majaribio ya mtihani wa mdomo nilizitaja sababu zote za mkunjo wa oksijeni kusogea kulia na kushoto. Mtahini akaniuliza kwa nini mtu aliyevuta kaboni monoksaidi huwa taabani kuliko mgonjwa wa upungufu wa damu, ilhali hemoglobini iliyobaki kufanya kazi ni sawa kwa wote wawili. Nikajibu kwamba mkunjo umesogea kushoto. Akasema hilo ni jina tu, si maelezo. Nimweleze vipi?*

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mtahini alikuwa na haki, kwa sababu mkunjo kusogea si ugonjwa, na mgonjwa hadhuriki kwa kuwa mstari umehama kwenye karatasi. Anachotaka kusikia ni jambo moja: shinikizo la oksijeni katika kapilari lazima lishuke hadi wapi ndipo damu ikubali kuachia kiasi ambacho tishu zinakihitaji.

Anza kwa kuchora kabla hujasema neno. Mhimili wa mlalo ni shinikizo la oksijeni kwa milimita za zebaki, na wa wima ni asilimia ya hemoglobini iliyoshiba oksijeni. Weka nukta tatu: shinikizo la 100, ambalo ni la damu ya ateri, hushibisha asilimia 97, shinikizo la 40, la damu ya vena iliyochanganyika, asilimia 75, na shinikizo la 27, asilimia 50. Nukta hii ya mwisho ndiyo P50, nayo ndiyo kipimo cha kusogea. P50 ikipanda, mkunjo umekwenda kulia na hemoglobini imelegeza mshiko wake. Ikishuka, umekwenda kushoto na mshiko umekaza.

Sababu unazijua, kwa hiyo zitaje kwa kifupi lakini pamoja na chanzo chake. Ioni za hidrojeni, kaboni dayoksaidi na 2,3-DPG, kemikali iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, huiimarisha hemoglobini katika umbo lake lisilopenda oksijeni, na athari ya kaboni dayoksaidi ndiyo aliyoieleza Christian Bohr na wenzake mwaka 1904. Joto nalo husukuma kulia, lakini kwa njia nyingine: oksijeni inaposhikana na hemoglobini hutoa joto, kwa hiyo joto likizidi mshikano huo hudhoofika. Kinyume cha hayo yote husukuma kushoto, na hemoglobini ya kijusi hukaa kushoto kwa sababu haishikani vyema na 2,3-DPG.

Hapo watahiniwa wengi husimama, na mimi huona ndipo mazungumzo yanapoanza. Ongeza tarakimu mbili tu. P50 ikipanda kutoka 27 hadi 31, damu inayotoka mapafuni hushuka kutoka asilimia 97 hadi 96 hivi, kwa sababu sehemu ya juu ya mkunjo ni tambarare. Kwenye shinikizo la 40, ambako mkunjo ni mteremko mkali, asilimia hushuka kutoka takriban 74 hadi 67. Damu imepoteza asilimia moja kwa kupakia, ikapata takriban saba kwa kushusha. Hiyo ndiyo faida ya misuli inayofanya kazi, yenye joto na asidi.

Sasa swali lenyewe. Chukua watu wawili. Mmoja ana hemoglobini gramu 8.4 kwa desilita, kwa sababu ya upungufu wa damu. Mwingine ana gramu 14, lakini alilala chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya mvua za masika, jiko la mkaa likiwa ndani, na asilimia 40 ya hemoglobini yake imeshikwa na kaboni monoksaidi. Gramu moja hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni, kwa hiyo kila mmoja anaweza kubeba kama mililita 11 kwa desilita.

Jihadhari na mtego uliopo hapa. Ukitumia mhimili wa asilimia, mkunjo wa mgonjwa wa upungufu wa damu hulala juu ya ule wa kawaida, na mchoro wako hautaonesha kasoro yoyote. Badilisha mhimili wa wima uwe wa mililita za oksijeni kwa desilita ya damu, kisha mwambie mtahini kwamba umebadilisha. Hapo mikunjo yote miwili itafika juu pamoja, kwenye 11, lakini haitapita njia moja.

Tuseme tishu za kila mmoja zinachukua mililita 5 kwa desilita, na mtiririko wa damu ni sawa. Wote wanabakiwa na takriban mililita 6. Kwa mwenye upungufu wa damu hiyo ni kama asilimia 52 ya hemoglobini yake, na mkunjo wa kawaida unaipa shinikizo la 28. Tena upungufu wake ukiwa wa muda mrefu, 2,3-DPG huwa imepanda, mkunjo umesogea kulia kidogo, na shinikizo linabaki juu zaidi ya hapo.

Kwa aliyevuta moshi, mililita 6 ni takriban asilimia 31 ya hemoglobini yake yote. Ukijumlisha na asilimia 40 zilizoshikwa na kaboni monoksaidi, nafasi zilizokaliwa ni asilimia 71. Hemoglobini haibagui nani amekaa: hukaa katika umbo la kushika kwa nguvu kana kwamba asilimia zote 71 ni oksijeni, na kwenye mkunjo wa kawaida 71 huhitaji shinikizo la karibu 38. John Scott Haldane alionesha kwamba gesi hizi mbili hugawana shinikizo hilo kwa uwiano wa nafasi walizokalia. Basi fungu la oksijeni ni 38 × 31 ÷ 71, yaani kama 16 au 17. Linganisha na 28 ya mwenzake. Oksijeni ile ile imo ndani ya damu, ila shinikizo la kuisukuma kutoka kapilari hadi ndani ya seli limekaribia nusu. Hilo ndilo jibu alilolitaka mtahini.

Hesabu hii ina mipaka yake, nawe uiseme kabla hujaulizwa: moyo haubaki na mtiririko ule ule kwa wagonjwa hawa, na kaboni monoksaidi hushikana pia na protini nyingine ndani ya seli.

Mtahini akiuliza utaitambuaje sumu hii, usimtegemee yule anayekuambia kipimo cha kidole kinasoma 98. Kipimo cha kawaida cha aina hiyo hutumia mawimbi mawili ya mwanga, na hemoglobini yenye kaboni monoksaidi hukionekania kama yenye oksijeni. Shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri nalo huwa la kawaida, kwa sababu hupima oksijeni iliyoyeyuka tu. Hata asilimia ambayo mashine imeikokotoa kutokana na shinikizo hilo itadanganya. Kinachofaa ni mashine inayopima kila aina ya hemoglobini kwa mawimbi mengi ya mwanga.

Swali linalofuata mara nyingi ni kwa nini apewe oksijeni tupu ikiwa shinikizo la ateri ni zuri. Kaboni monoksaidi hushikana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, lakini mshikano huo hurudi nyuma. Ukipandisha shinikizo la oksijeni kwenye vifuko vya hewa, uwiano ule ule wa Haldane huigeukia oksijeni, na muda wa kupungua nusu ya kaboni monoksaidi hushuka kutoka takriban saa 4 hadi 5 kwa hewa ya kawaida mpaka karibu saa moja na nusu au chini yake.