Jirani analipa zaidi kila mahali: unafuu wake wa gharama unatoka wapi?

*Shikamoo mwalimu. Naandika hesabu katika kampuni ndogo ya samaki hapa Malindi. Kwa kila tani ya nguru na jodari tunawalipa wavuvi shilingi 400 kwa kilo, wakataji 60,000, gari la friji hadi Nairobi 80,000. Kilo 120 tunazitupa, tunatoa minofu kilo 420, na 20 hurudishwa na hoteli. Jirani analipa wavuvi 420 na kuwapa barafu ya 20,000, wakataji wake 70,000, gari 80,000. Anatupa kilo 20, anatoa minofu kilo 490, hairudi hata moja. Tumeambiwa na mkataji aliyetoka kwake. Anauza bei ya chini kutushinda na faida anapata. Tajiri wangu anasema siri ni mishahara. Kwenye mnyororo wa thamani, unafuu wake uko wapi? Na ununuzi ni shughuli ya msingi au saidizi?*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika kilo zilizotupwa na zilizorudishwa, maana wengi huniletea shilingi tupu, na kwa shilingi tupu swali lako halijibiki. Ukizipanga gharama mstari kwa mstari, jirani hana mstari hata mmoja aliokushinda: samaki analipa zaidi, wakataji analipa zaidi, gari mko sawa. Jumla yake ni 590,000, yenu 540,000.

Sasa gawanya kwa kilo za minofu ambazo mteja amezipokea na kuzilipia, wala si kilo mlizonunua. Zenu ni 400, zake ni 490. Kilo moja inawagharimu nyinyi shilingi 1,350, yeye 1,204. Amewazidi kwa shilingi 146. Katika hizo, 102 zinaonekana kwenye samaki, 37 kwenye gari na 7 kwenye mishahara. Lakini angalia hilo gari: mnalipa sawa kabisa, na bado kwake ni rahisi zaidi kwa kila kilo. Gari halina siri yoyote. Unafuu umejitokeza pale, haukuzaliwa pale, na kazi yako ni kutafuta ulikozaliwa.

Njia ninayoitumia ni kuacha shilingi kidogo na kuzifuata kilo. Yeye ana kilo 90 za minofu kuwashinda. Mnatupa kilo 100 za samaki mzima zaidi yake. Kwa kuwa yeye hupata nusu ya uzito kuwa minofu, hapo mmepoteza kilo 50 za minofu. Kilo 880 mlizobaki nazo zingetoa 440 kwa kiwango chake, nyinyi mmetoa 420: zimekwenda 20 nyingine mezani pa kukatia. Halafu 20 zinarudi kutoka hotelini. Hamsini, ishirini na ishirini, tisini imetimia. Zaidi ya nusu ya tofauti ilishatokea kabla kisu hakijamgusa samaki, na mimi naamini ilitokea baharini, ndani ya mashua isiyokuwa na barafu.

Ndipo tulifikie swali lako la pili, kwa sababu jibu la kwanza limekaa mpakani. Michael Porter, mtaalamu wa mikakati ya biashara aliyeuchora mnyororo huu wa shughuli za kampuni mwaka 1985, alihesabu shughuli tano za msingi: kupokea na kutunza mali ghafi, uzalishaji, kupeleka bidhaa, kuuza, na huduma baada ya kuuza. Saidizi ni nne: ununuzi, teknolojia, watu, na uongozi wa kampuni pamoja na hesabu na mipango yake. Ununuzi ni saidizi. Mwanafunzi hukosea hapa kwa sababu anamwona samaki na kusema huyu ndiye bidhaa, basi kumnunua ni msingi. Ununuzi ni ile kazi ya kukaa na nahodha dikoni na kukubaliana bei na masharti. Ndiyo kazi hiyohiyo inayonunua dizeli, visu na sabuni ya kuoshea meza. Kumpima samaki, kumlaza kwenye kreti, kumfunika kwa barafu, hiyo ndiyo kupokea, na ni msingi. Neno saidizi halimaanishi kazi ndogo.

Jirani amebadilisha sharti la ununuzi: shilingi 20 za ziada na barafu, ili samaki aingie barafuni papo hapo anapotolewa majini. Matunda ya sharti hilo yamevunwa kwenye kupokea, kwenye kukata na kwenye huduma baada ya kuuza. Unafuu wake hauko ndani ya shughuli moja. Uko kwenye kiungo kati ya ununuzi na zile zinazofuata. Kwa hiyo mtihani ukikuuliza, usiandike "ununuzi" ukanyamaza. Taja kiungo, kisha onyesha kilo.

Uthibitisho huu hapa. Laiti nanyi mngeuza kilo 490 kwa gharama zenu zilezile, kilo ingekuwa shilingi 1,102, na mngemshinda yeye kwa 102. Amekubali kutumia 50,000 zaidi kupata kilo 90 zaidi, yaani kama shilingi 556 kwa kila kilo ya nyongeza, wakati kilo yenu ya kawaida ni 1,350. Niliwahi kumshauri mfanyabiashara mmoja apunguze barafu kwa sababu mstari wake ulikuwa umenenepa. Baada ya wiki chache matumbo ya samaki yakawa yanafika yamepasuka, na ukimbonyeza samaki kwa kidole shimo linabaki. Tangu hapo sikati mstari kabla ya kuuliza unalisha mstari upi.

Kuna jambo moja hesabu zako hazijathibitisha. Zile kilo 20 za mezani zinaweza kuwa nyama iliyolegea na kupasuka chini ya kisu, au zinaweza kuwa mikono ya wakataji, na hapo tajiri wako angekuwa na haki kidogo. Chukueni mashua moja, mpeni barafu kilo kwa kilo ya samaki, kisha wakataji wenu wenyewe wakate mzigo ule peke yake. Wakifikisha nusu, ilikuwa barafu. Wakibaki kwenye asilimia 48, ni ufundi. Za hotelini zipimeni kwa kipimajoto kilichochomwa hadi katikati ya nyama, mara moja dikoni na mara moja Nairobi: akipanda joto njiani, lawama ni ya gari. Na mlinganisho uwe wa juma moja kwa nyote wawili. Ukichukua tani yenu ya kusi, mashua chache na gari nusu tupu, ukailinganisha na yake ya kaskazi, utakuwa unapima msimu.

Hizo kilo 120 endeleeni kuzitupa. Atatokea mtu wa kusema wauzwe kwa wakaanga samaki ili mpunguze hasara. Nguru na jodari wakikaa kwenye joto hujenga histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kugandishwa.