Kwa nini elfu tano ya kwanza ya mwezi huleta uniti chache

"Wakuu, tarehe 2 nimenunua LUKU ya 5,000 nikapata uniti 9.8. Tarehe 15 nimenunua tena 5,000, nikapata 14. Nipo Igoma, mita ni ileile. Je, mita imeharibika au naibiwa?"

Ndugu, mita yako ni nzima. Kilichokula uniti zako ni kodi ya jengo, ambayo tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, nayo hukatwa mara moja tu kwa mwezi, katika manunuzi ya kwanza. Kwa hiyo tarehe 2 ulinunua umeme wa shilingi 3,500, si wa 5,000.

Hiyo 3,500 nayo haikuwa umeme mtupu. Juu ya bei ya umeme wenyewe huongezwa asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya REA kwa ajili ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, jumla asilimia 22. Ukigawanya 3,500 kwa 1.22 unapata takribani 2,869, ambayo ndiyo thamani ya umeme wako. Uniti ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292. Gawanya 2,869 kwa 292, utaiona 9.8 yako. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 5,000 nzima, utapata 14.

Mimi niliyajua haya kwa njia ya machungu. Mwaka 2024 nilihamia chumba cha Nyegezi ambacho kilikuwa kimekaa bila mpangaji. Jioni ya kwanza nikanunua umeme wa 5,000, nikaingiza tarakimu zote 20 za tokeni kwa mwanga wa simu, na mita ikaongeza uniti 1.4. Nilirudi kwa wakala nikiwa nimekunja uso, nikidhani amenikosea namba ya mita. Yule kijana akaniambia nisome meseji hadi chini, kwa sababu watu wengi huishia kwenye tokeni. Kodi ya jengo ilikuwa imekatwa 4,500, yaani miezi miwili ambayo hakuna aliyenunua umeme pamoja na mwezi ule niliohamia. Usiponunua, kodi haisamehewi. Hujilimbikiza na kumsubiri mnunuzi anayefuata. Zilibaki shilingi 500, na baada ya asilimia 22 zikatoa hiyo uniti moja na nukta nne.

Nilimpelekea mwenye nyumba meseji ile, kwa kuwa kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Mzee hakubisha, alinipunguzia 4,500 kwenye kodi ya chumba. Tangu hapo sifuti meseji za LUKU. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, na bila meseji utaonekana unadai hewa.

Kuna wanaoamini kwamba kununua nyingi kwa mkupuo kunaongeza uniti. Kwa mtu wa T1, baada ya kodi ya jengo kukatwa, ununue 2,000 mara tano au 10,000 mara moja, jumla ya uniti itakuwa 28, kwa sababu makato mengine yote ni ya asilimia.

Kwa mtu wa D1, kundi la matumizi madogo, mkupuo humuumiza kabisa. Yeye hupata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo kwa 350. Ukiweka asilimia 22, uniti 75 ni shilingi 9,150. Pamoja na kodi ya jengo, 10,650. Jirani yangu mmoja, mvuvi anayekwenda visiwani kwa wiki nyingi, alikuwa akinunua 21,300 kwa wakati mmoja ili familia isikwame. Alikuwa akipata uniti 75 za bei nafuu, na kiasi kilichobaki kinamletea 25 tu za bei ya juu. Angemwachia mkewe fedha hizohizo, anunue 10,650 mwezi huu na 10,650 mwezi ujao, wangepata uniti 150. Hesabu hufuata mwezi unaponunua, si mwezi unapotumia.

Kabla ya kuilaumu mita, chukua kwenye meseji thamani ya umeme peke yake, bila kodi wala tozo, uigawanye kwa uniti ulizopata. Ikija 292, upo T1. Ikija 100, upo D1. Ikiwa kati ya 100 na 350, ni D1 uliyevuka uniti 75. Ukiona kodi ya jengo imekatwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, au nyumba moja yenye mita tatu inakatwa kwenye kila mita, hapo una hoja: beba meseji na namba za mita zote, uende ofisini pamoja na mwenye nyumba.