Usiuloweke Ulimi wa Obo Saa Nzima

Kijana mmoja wa Wete kaniandikia juzi. Ulimi wa obo, ile ala ya kupuliza, alioletewa na ndugu yake ulipiga vizuri siku tatu, siku ya nne ukagoma, hautoi ila hewa. Akautia majini saa nzima ili ulainike. Ukatoka mzito zaidi, na sauti ikawa chini ya wenzake. Mwishowe akauminya nchani kwa vidole, ukapasuka. Inaniuma, kwa sababu ulimi ule ulikuwa mzima.

Ulimi wa obo ni bapa mbili za tete zilizolaliana, zikafungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma chenye koki chini, ile ya vizibo vya chupa. Chini ni mviringo, juu umelala kama jicho lililofumbuka kidogo. Mwanya wa hilo jicho ni milimita moja hivi au pungufu, na nchani bapa zimekwanguliwa kwa kisu hata zikawa nyembamba kama karatasi ya daftari.

Ukipuliza, hewa ya kinywani inazisukuma bapa zikutane. Mwanya ukifunga, hewa inakatika, na mshtuko wake unateremka ndani ya obo hadi kwenye tundu la kwanza lililo wazi. Hapo unarudi juu, na mgandamizo unaporejea kwenye ulimi unazisaidia bapa kufunguka. Kisha zinafunga tena. Kwa ile noti ya La ambayo okestra hujipimia, mzunguko huo unakwenda mara 440 kwa sekunde moja. Ukiziba tundu zaidi, safari ya mshtuko inakuwa ndefu, mara zinapungua na sauti inashuka. Ndiyo maana bapa zote mbili lazima ziende pamoja. Moja ikiwa nzito kuliko mwenzake, au hewa ikivuja ubavuni, ulimi unakwama au unapiga kelele.

Basuni, nduguye obo mwenye sauti nzito, inafanya vilevile, ila ulimi wake ni mpana na mnene, hauna kijibomba, umekazwa kwa nyaya tatu na kuchomekwa moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililopinda. Wapigaji wa zumari zetu nao wanaitegemea kanuni hiyohiyo, lakini wao huutia ulimi wote kinywani bila kuubana kwa midomo. Kwenye obo midomo ndiyo inayoamua mwanya uwe mdogo au mkubwa, kwa hiyo kosa la nusu milimita unalisikia papo hapo.

Sasa turudi Wete. Kwa alivyoeleza, kila akimaliza aliuacha ulimi mezani chini ya feni. Ncha, kwa wembamba wake, hukauka kabla ya shina. Ikajikunja kidogo, bapa zikawa hazikutani sawa. Dawa yake ilikuwa maji ya vuguvugu kwenye kikombe kidogo cha kahawa, bapa zikiwa ndani na koki nje, dakika mbili basi. Utoe, uuache dakika kadhaa, uutazame nchani penye mwanga. Saa nzima majini ni nyingi mno: nyuzi za tete hunywa maji na kuvimba, jicho linafumbuka kupita kiasi, na midomo inachoka kulifumba. Usipolibana, sauti inalegea na kushuka.

Jicho likiwa wazi mno, ulimi ukiwa umelowa, shika karibu na uzi na ubonyeze bapa juu na chini taratibu, uhesabu tano, uachie. Likiwa limefumba, bonyeza pembeni mwa mbavu mahali palepale. Nchani usiguse kabisa. Nyuzi za tete zimelala kwa urefu, hakuna kinachozishikilia sana kwa upana, hivyo ufa ukianza nchani unakimbia moja kwa moja kuelekea uzi. Ulimi mkavu ndio unaopasuka upesi, hata kwa kugusa jino au ukosi wa shati. Ufa mdogo ubavuni waweza kustahimilika. Uliopita katikati unaigawa bapa vipande viwili, kila kimoja na mtetemo wake, nawe utasikia mvumo wa mkwaruzo.

Ukishuku uvujaji, ziba chini ya kijibomba kwa kidole, uuvute hewa kwa mdomo. Bapa zikishikana hata baada ya kuutoa mdomoni, uko salama. Zikifunguka palepale, pana mahali panapovuja.

Na huku kwetu, hasa masika, adui wa pili ni ukungu. Ulimi uliolowa ukifungiwa kwenye kichupa kisichopitisha hewa utaota vidoa vyeusi na kunuka. Pitisha hewa kwa nyuma uondoe mate, uufute taratibu kutoka kwenye uzi kwenda nchani, kisha uulaze kwenye kijisanduku chenye vitundu, mbali na feni na mbali na jua la dirishani. Uwe na ndimi tatu, uzibadili kila siku, ili kila mmoja upate kukauka kabla haujalowa tena.