Mama hana meno ya kutafunia na hana hamu ya kula: mnunulie chakula laini lakini kizito

Watu wengi nikiwaambia mama yangu amebaki na meno machache ya mbele na hali chakula vizuri, jibu linakuja haraka, mpe uji, mpe supu ya mifupa, mpe juisi. Wanasema kwa upendo kabisa. Lakini mimi ndiye nafanya soko la nyumbani kwetu hapa Walukuba, Jinja, na kwa jinsi nimemhudumia mama naona hapo ndipo wazee wanakonda hata kama kila saa wana kikombe mkononi. Uji mwepesi na supu ni maji karibu yote. Tumbo la mzee ni dogo, likijaa maji limejaa, halidai tena kitu mpaka jioni, na mwili haujapata chochote cha kujenga nyama yake.

Kwa hiyo nikiwa sokoni najiuliza maswali mawili tu. La kwanza, hiki kitu kinasagika kwa ulimi na fizi peke yake? La pili, akila vijiko vitano tu akasema nimeshiba, hivyo vijiko vitano vina nini ndani? Kitu kikifaulu swali la kwanza kikaanguka la pili, kama supu ya mifupa, mimi sikiiti chakula, nakiita kinywaji, anapewa baada ya kula siyo kabla.

Wataalamu wa lishe wanasema mzee anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mama ana kama kilo 50, kwa hiyo natafuta gramu 50. Sasa angalia siku ya mzee wa kawaida wa huku: asubuhi uji wa wimbi wa maji na sukari, mchana vipande viwili vitatu vya matoke na mchuzi wa juu juu, jioni chai ya rangi na mkate aliouchovya mpaka ukalainika. Ukijumlisha hapo hata gramu 20 hufiki, na mtu anakwambia mbona anakula.

Nianze na mukene, wale dagaa wadogo, kwa sababu ndiyo protini ya bei nafuu kuliko zote hapa ziwani, na ndiyo watu wanaikosea wakati wa kununua. Mukene inayoanikwa mchangani inabeba mchanga, na mtu mwenye fizi zinazouma akikuta chembe moja ya mchanga kwenye mchuzi anaweka sahani chini na kesho hataki hata kuiona. Nyingi ya hiyo inaishia kwenye chakula cha kuku. Uliza iliyoanikwa juu ya chanja au nyavu. Rangi iwe ya fedha inayong'aa, siyo kahawia, na harufu iwe ya samaki mkavu siyo ya mafuta yaliyochacha. Kama una wasiwasi chukua kiganja kimoja, tia kwenye bakuli la maji, sugua, acha itulie kidogo, alafu mwaga maji polepole uone kilichobaki chini. Nyumbani natoa vichwa, naosha, naikausha tena juani, naikaanga bila mafuta mpaka inavunjika kwa vidole, nasaga, alafu nachekecha na chekecheo la chai, hiyo hatua ya mwisho usiiruke maana vimifupa vinabaki. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo kinakaribia protini ya yai moja, na ukiutia ndani ya binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, zinapochemka hausikiki kama kitu kigeni mdomoni.

Na binyebwa zenyewe, tafadhali, usinunue karanga zilizokwisha kusagwa zile za unga kwenye beseni. Ni kazi rahisi ndiyo, lakini hujui zilizosagwa humo zilikuwaje, na karanga zilizooza au kuota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu ambayo inaharibu ini, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi yote. Nunua nzima, zimwage kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu, na ukionja moja ikawa chungu tema. Alafu nenda na zako kwenye mashine. Mimi nasagisha mara mbili ziwe laini kabisa, na kiasi kingine nachanganya na simsim kupata odi. Odi ni rafiki wa mzee asiye na hamu, kijiko kimoja kinayeyuka kwenye uji wa moto. Ila usimpe odi yenyewe kwa kijiko, inanata kwenye kaakaa na inaweza kumkaba.

Uji sasa. Simkatazi mama uji kwa sababu anaupenda, ila uji wetu unapikwa na maziwa badala ya maji. Shida inakuja ukitaka uwe na unga wa kutosha unakuwa mzito, mzee anashindwa kuumeza, ukipunguza unga unarudi kule kwa maji. Dawa yake iko sokoni, ni kimea, ule unga wa wimbi iliyoota ambao watu wanatumia kwenye vinywaji vya wimbi, busera na malwa. Pika uji mzito kweli kweli, epua, ungoje upoe kidogo ubaki wa moto lakini hauchemki, tia kijiko cha chai cha kimea kwa kikombe kimoja, koroga dakika chache utaona wenyewe unalegea mpaka unamiminika. Alafu rudisha jikoni uchemke tena, hilo ni lazima kwa usafi. Unga uliomo ni uleule, umekuwa tu rahisi kumeza. Kama hamna friji nyumbani nunua maziwa ya unga yenye mafuta yake, vijiko viwili kwa kikombe cha uji, na yanakaa.

Kuhusu nyama, najua kwetu ukienda kumtembelea mzazi unampelekea kuku wa kienyeji, ni heshima. Lakini kuku wa kienyeji aliyekomaa nyama yake ni nyuzi ngumu, hata uchemshe saa nzima zinaingia kati ya meno yaliyolegea na kuumiza fizi, na wale kuku wa mayai waliozeeka wanaouzwa bei rahisi ni vilevile. Kuku wa kisasa ndiye anayelainika. Nyama ya ng'ombe mwambie muuzaji akutolee utando mweupe wote kwanza ndipo asage, mara mbili. Maini ni mazuri ila yakatwe membamba na yasikae jikoni muda mrefu, yakizidi moto yanakuwa kama raba. Samaki kwa upande wangu ndiye mfalme, nanunua kipande cha sangara, mputa kama wengi wanavyomwita, kwa sababu miba yake ni mikubwa unaiona na kuitoa. Ngege, yaani sato, ni mtamu lakini kutoa vimiba vyake vyote kwa mzee asiyeona vizuri ni kazi nyingine.

Halafu kuna jambo la mayai. Kila ushauri wa lishe utakwambia mayai, na kweli ni laini, bei siyo mbaya, yana kama gramu 6 za protini kila moja. Lakini mama wa umri ule wengi wao huku walilelewa kwamba mwanamke hali kuku wala mayai, na mama yangu ni mmoja wao, hataki. Dada yangu alishauri tumfichie kwenye uji. Nilikataa na bado nakataa. Mzee akigundua umemdanganya kwenye chakula ataanza kukikagua kila kijiko, na hamu kidogo iliyobaki itaisha, na zaidi ya hapo ni mama yetu, mdomo ni wake. Protini ya mayai nimeitafuta kwingine.

Siku yake sasa inaenda hivi. Asubuhi kikombe cha uji wa maziwa na kijiko cha odi, hapo kuna kama gramu 12. Saa nne nusu ovakado iliyopondwa na chumvi kidogo na ndimu, protini yake ni ndogo lakini mafuta yake yanampa nguvu, na ndimu inaamsha mate maana mdomo wake unakauka. Mchana matoke yaliyopondwa, ukubwa wa ngumi yake tu, na binyebwa nzito zenye kijiko cha unga wa mukene, kama gramu 13. Alasiri bongo, yaani maziwa ya mgando, kikombe, gramu 8 hivi, na akichoka nayo napondea ndizi sukari ndani. Jioni kipande cha sangara cha kiganja kilichochemshwa na nyanya na tangawizi, boga au kiazi, gramu 18 kama amekimaliza. Ni kama 51. Siku nyingine hafiki, siku nyingine anakula mara mbili tu, nami sipigani naye, napeleka kidogo kidogo.

Matoke hayo yaende mezani ya moto. Yakipoa yanakauka na kuwa magumu, ndiyo maana mzee anayekula polepole anaanza vizuri anaacha katikati. Mimi napakua nusu, nusu nyingine inabaki imefunikwa kwenye majani yake. Viazi vitamu nachagua vile vya rangi ya chungwa vyenye majimaji, vile vyeupe vya ungaunga vinakwama kooni.

Kabla hujabadilisha soko lote lakini, fungua mdomo wake utazame mchana kwenye mwanga. Jino linalotikisika, kidonda, utando mweupe kwenye ulimi, meno ya bandia yanayocheza, hayo yote yanaua hamu na hayatibiwi na odi. Dawa pia, baadhi za presha na za sukari zinabadilisha ladha au zinapunguza njaa, kwa hiyo muulize daktari, usiziache mwenyewe. Na kama mzazi ana ugonjwa wa figo hizi hesabu zangu za protini usizifuate mpaka daktari wake aseme kiasi, na mwenye kisukari uji na ndizi vipimwe.

Mwisho mpime uzito, mizani hata ya duka la dawa inatosha, siku ileile ya mwezi na nguo nyepesi. Aliyekuwa na kilo 50 akipoteza kilo mbili na nusu ndani ya mwezi mmoja, au tano ndani ya miezi sita, bila kukusudia, mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa. Vilevile akiwa anakohoa kila akimeza, au sauti inabaki kama ina maji baada ya kunywa, usiendelee kumlainishia tu chakula, hiyo ni shida ya kumeza, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, aonwe haraka.