Mteja aliyejiunga tarehe 31 atozwe lini Februari?

Kama unaendesha huduma ya kulipia kila mwezi, tuseme intaneti ya nyumbani, itabidi uchague: wateja wote watozwe tarehe 1, au kila mmoja atozwe kwa tarehe aliyojiunga? Nimefanya kazi na mifumo ya aina zote mbili, na nimeona kwamba anayejiunga tarehe 31 ndiye huonyesha kama mfumo umefikiriwa vizuri.

Kutoza kila mtu tarehe 1 huwapendeza wahasibu, kwa sababu mapato ya mwezi yanakaa ndani ya mwezi wake. Ugumu uko mwanzoni tu. Mteja wa kifurushi cha shilingi 30,000 akijiunga Januari 31, anadaiwa siku moja: 30,000 gawanya kwa 31, yaani shilingi 968. Kesho yake anapokea bili nyingine ya 30,000, na hapo atapiga simu kuuliza kwa nini anatozwa mara mbili. Mtumie bili moja ya 30,968, yenye mstari wa siku ile moja na mstari wa Februari, naye ataelewa bila maelezo zaidi.

Kutoza kwa tarehe ya kujiunga humfaa zaidi mteja wa kawaida. Analipa leo, anapata mwezi wake mzima. Lakini miezi mitano ya mwaka haina tarehe 31, na mfumo lazima ujue la kufanya. Kanuni nzuri ni kumtoza siku ya mwisho ya mwezi mfupi, kisha kumrudisha 31 mwezi ukiruhusu: Januari 31, Februari 28, Machi 31, Aprili 30.

Penye matatizo ni pale kwenye kumrudisha. Niliwahi kuitwa kuangalia mfumo wa kampuni moja ambayo wateja wake walilalamika kwamba bili zinawahi mshahara. Mfumo ulikuwa unachukua tarehe ya bili iliyopita na kuongeza mwezi mmoja. Januari 31 ikawa Februari 28, sawa kabisa. Ila kutoka Februari 28 mwezi mmoja mbele ni Machi 28, halafu Aprili 28, na mteja hakurudi tena 31. Alipoteza siku tatu alizostahili, na kila mwezi akawa anatozwa akiba ikiwa imeisha, malipo yanakataliwa, huduma inakatwa.

Kuna mifumo inayokosea upande wa pili. Katika JavaScript, ukiongeza mwezi kwa `setMonth` kutoka Januari 31, 2025, unapata Machi 3, kwa sababu Februari 31 haipo na siku za ziada zinamwagikia Machi. Februari inapita bila bili, na mteja anabaki tarehe 3.

Dawa ya yote mawili ni kuhifadhi tarehe ya kujiunga bila kuigusa, na kila bili kuihesabu kutoka hapo, si kutoka bili iliyopita. Kwenye PostgreSQL:

```sql
SELECT (DATE '2025-01-31' + n * INTERVAL '1 month')::date
FROM generate_series(0, 4) AS n;
```

Utapata Januari 31, Februari 28, Machi 31, Aprili 30 na Mei 31.

Kujua kama mfumo wako una tatizo hili, hesabu wateja kwa siku ya bili yao katika mwezi wenye siku 31. Ukiona tarehe 28 imejaa watu na 29, 30 na 31 ziko karibu tupu, Februari imeshawahamisha wateja wako. Angalia pia saa za seva. Mteja wa Dar es Salaam anayejiunga Februari 1 saa saba na nusu usiku, kwa seva inayotumia UTC bado ni Januari 31 saa nne na nusu usiku. Ataandikwa wa tarehe 31 naye hajui, kwa hiyo igeuze saa iwe ya Afrika Mashariki kabla ya kuchukua tarehe.

Kuwarekebisha waliokwisha kuhama kunahitaji uangalifu. Tarehe yao ya asili kwa kawaida bado ipo kwenye rekodi ya kufungua akaunti. Unapowarudisha kutoka 28 kwenda 31, zile siku tatu za katikati wape bure, kwani walishazilipia. Watumie ujumbe kabla ya bili mpya, na kwenye ukurasa wa kujiunga andika wazi: “Utatozwa kila tarehe 31, au siku ya mwisho kwa mwezi usiofika 31.”